Mvua ya Mwezi: Upau au Mstari?

Kwa wastani wa miaka mingi, Dar es Salaam hupata takriban milimita 254 za mvua mwezi wa Aprili na milimita 198 mwezi wa Mei. Chukua karatasi ya grafu, tia nukta ya Aprili, tia ya Mei, kisha ziunganishe kwa rula. Sasa weka kidole katikati ya mstari huo, nusu ya njia kutoka nukta moja hadi nyingine, na usome kipimo upande wa kushoto. Utapata 226. Milimita 226 za nini?

Si za Aprili wala za Mei, maana miezi hiyo ina tarakimu zake tayari. Labda mtu aseme ni za usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei, kwa kuwa hapo ndipo miezi miwili inapokutana. Lakini milimita 226 kwa usiku mmoja zingeizamisha Jangwani na bonde zima la Msimbazi, na watu wangeusimulia usiku huo kwa miaka. Hakuna mtu aliyepima 226 popote. Imezaliwa na rula.

Hapo ndipo penye kiini cha swali la upau au mstari, swali linalomsumbua mwanafunzi wa jiografia, bwana shamba anayeandaa taarifa ya wilaya, na mwandishi wa habari anayetaka kuonyesha masika ya mwaka huu yalikuwaje. Wengi huchagua kwa macho: mstari unapendeza, unapanda na kushuka kama kilima, nao hauchukui wino mwingi. Mimi nashikilia kwamba kwa mvua ya mwezi mmoja mmoja, pau ndizo zinazosema kweli, na kwamba mstari una kazi yake ya heshima mahali pengine kabisa katika takwimu hizo hizo za mvua.

Tutazame kwanza tarakimu yenyewe inavyopatikana. Kwenye kituo cha hali ya hewa, kila siku saa 3 asubuhi, mpimaji huenda kwenye kipimamvua, humimina maji yaliyokusanyika ndani ya silinda ya kioo yenye alama, huandika kiasi alichosoma, huyamwaga, kisha hurudisha chombo mahali pake kikiwa kitupu. Mwezi ukiisha, vipimo vya siku zote hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo mvua ya mwezi. Mwezi unaofuata huanza upya kutoka sifuri. Mei haidai chochote kutoka Aprili.

Kwa hiyo tarakimu ya mwezi ni kiasi cha maji kilichokusanywa ndani ya muda wenye mwanzo na mwisho. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye paa la bati la mita za mraba 50, katika Aprili ya wastani jijini Dar es Salaam, huangukiwa na lita 12,700 za maji, ingawa si yote yatakayofika kwenye tangi, maana mengine hurukia nje ya mfereji na mengine hukauka juu ya bati. Upau wa Aprili ni picha ya maji hayo. Unaanza chini kwenye sifuri, unapanda hadi 254, na upana wake unachukua mwezi mzima. Ukizipanga pau zote 12 moja juu ya nyingine, utapata mvua ya mwaka. Nukta 12 zilizounganishwa kwa mstari hazikupi picha hiyo, kwa sababu jicho huufuata mteremko wa mstari na kusahau kilicho chini yake.

Joto ni jambo jingine. Saa 6 usiku wa tarehe 30 Aprili Dar es Salaam ina joto lake, na mtu mwenye kipimajoto angeweza kulisoma. Joto halianzi upya kila mwezi. Linapita bila kukatika kutoka Aprili kuingia Mei, na katikati ya wastani wa mwezi mmoja na wa mwezi unaofuata kweli kuna joto la katikati. Mstari wa joto unaposhuka kuelekea Julai, kila sehemu ya mstari huo ina jambo la kweli nyuma yake. Ndiyo maana grafu ya tabianchi iliyo katika vitabu vya jiografia huchora mvua kwa pau na joto kwa mstari juu yake, kwenye karatasi moja. Wanafunzi wengi huinakili kama desturi tu ya mwalimu, kumbe sababu yake ni hiyo.

Sasa kosa linatoka wapi? Nadhani linatokana na kanuni moja inayofundishwa kwa haraka: kama mlalo wa chini una wakati, chora mstari, kama una majina ya vitu, chora pau. Kanuni hiyo ina historia. Mwaka 1786 Mskoti aitwaye William Playfair alichapisha kitabu cha grafu za biashara ya Uingereza, na karibu zote zilikuwa za mistari, kwa kuwa alikuwa na takwimu za miaka mingi mfululizo. Biashara ya Uskoti ilimpa shida. Alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, zikionyesha bidhaa zilizoingia kutoka nchi mbalimbali na zilizokwenda huko. Hakuwa na wakati wa kuutandaza chini ya grafu, basi akachora pau, moja kwa kila upande wa biashara, na yeye mwenyewe aliziona kuwa na manufaa machache kuliko mistari yake. Tangu mwanzo, basi, upau ulichukuliwa kama njia ya mtu aliyekosa wakati.

Kwa mvua kanuni hiyo inapotosha. Wakati upo chini ya grafu, ni kweli, lakini kinachoamua ni kile kinachohesabiwa upande wa wima. Kama ni hali inayoweza kupimwa sekunde yoyote, kama vile joto, kina cha maji ya Mto Ruvu au uzito wa mtoto kliniki, mstari unafaa. Kama ni jumla iliyokusanywa ndani ya kipindi na kufungwa, upau unafaa, hata kama vipindi vinafuatana.

Na wasomaji hawachukulii maumbo haya mawili kwa namna moja. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Jeff Zacks na Barbara Tversky, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwaonyesha watu grafu za vitu viwili tu, nyingine za pau, nyingine za mstari, na kuwaomba waeleze wanachokiona. Walioona pau walilinganisha: hiki kimezidi kile. Walioona mstari walieleza mwenendo: kadiri hiki kinavyoongezeka, kile kinapanda. Hata pale ambapo grafu ililinganisha urefu wa wanaume na wanawake, mstari uliwasukuma baadhi yao kueleza kana kwamba mtu huzidi kurefuka kadiri anavyozidi kuwa mwanamume. Mstari ulikuwa na nguvu kuliko akili ya kawaida.

Turudi Dar es Salaam tuone nguvu hiyo inavyofanya kazi. Kuanzia Januari hadi Desemba, wastani wa jiji kwa milimita ni takriban 76, 55, 138, 254, 198, 43, 26, 24, 23, 69, 126 na 118. Kwa mwaka mzima ni kama 1,150. Chora mstari, na mteremko mkali kutoka Mei hadi Juni utamwambia msomaji kwamba mvua inapungua taratibu siku hadi siku, kutoka wingi wa Mei hadi uchache wa Juni. Masika hayaishi hivyo. Huenda mvua ikakoma ghafla wiki ya tatu ya Mei na isionekane tena, au ikaendelea hadi mwishoni kisha ikakatika. Jumla za mwezi haziwezi kukuambia lipi lilitokea. Upau unakiri kutojua huko: ndani ya Mei zilianguka milimita 198, basi, lini hasa hausemi. Mstari unajifanya unajua.

Kikomo hicho kinazihusu hata pau, na afadhali kisemwe mapema. Mafuriko yaliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2011 yalitokana na mvua ya siku chache, kuanzia tarehe 20 Desemba. Kwenye grafu ya mwezi kwa mwezi, Desemba ile ni upau mrefu, lakini Desemba yenye kiasi kile kile kilichonyesha kidogo kidogo kwa siku 20 ingekuwa na upau huo huo, na mkulima angeishukuru. Isitoshe, kalenda haijui msimu. Mvua kubwa ya kuanzia tarehe 28 Aprili hadi tarehe 3 Mei hugawanywa kwenye pau mbili ingawa mawingu yalikuwa yale yale. Anayehitaji kuona mvua ilivyoanza na ilivyokoma atumie dekadi, yaani vipindi vya siku 10 ambavyo wataalamu wa hali ya hewa na kilimo huvitumia. Hizo ni pau 36 kwa mwaka, na bado ni pau.

Pingamizi nililosikia mara nyingi ni kwamba mstari huonyesha umbo la mwaka vizuri zaidi: kilima kirefu cha masika, bonde la kipupwe, kisha kilima kifupi cha vuli. Pingamizi hili lina uzito, lakini dawa yake ni ndogo. Umbo hupotea kwenye pau pale zinapokuwa nyembamba na kuachana mbali, kama vigingi vya uzio. Zipanue ziwe karibu kugusana na vilima vyote viwili vitajitokeza. Kwenye Excel, bofya pau zenyewe, fungua mpangilio wake, tafuta `Gap Width`, uishushe hadi karibu asilimia 30. Kuna mtego mdogo hapo hapo: programu hiyo huita `Bar` zile pau zinazolala, na `Column` zile zinazosimama. Kwa mvua unataka `Column`, maana msomaji amezoea kuona miezi ikienda kutoka kushoto kwenda kulia.

Dodoma ni mtihani mkali zaidi, kwa kuwa huko kuna miezi isiyo na mvua kabisa. Mji huo una msimu mmoja, unaoanza Novemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka hupata kama nusu ya mvua ya Dar es Salaam. Kuanzia Juni hadi Septemba kipimo ni sifuri au karibu na sifuri. Mtu anayechora mstari wa Dodoma kwenye kompyuta mara nyingi huuona una kona kali, haupendezi, basi huweka alama kwenye `Smoothed line` ili kona zilainike. Matokeo yake ni kichekesho. Mstari ukitoka kwenye Aprili yenye makumi ya milimita, ukapita Mei yenye milimita chache, hauwezi kuvunjika ghafla kwenye sifuri ya Juni kwa sababu umeamriwa upinde kwa ulaini. Unajipinda kwa kupita chini ya sifuri, kisha unarudi. Grafu inaonyesha kwamba kati ya Mei na Juni Dodoma ilinyeshewa mvua hasi. Kama umewahi kuona grafu ya mvua iliyozama chini ya mlalo wake hata kidogo, hukuwa unaona vibaya. Aliyeichora alilainisha mstari. Kosa kama hilo hutokea pia kwenye kilele, ambapo mstari uliolainishwa unaweza kupanda juu kuliko mwezi wowote uliopimwa, lakini huko ni vigumu kuligundua.

Dodoma inafundisha jambo jingine ambalo halitegemei umbo unalochagua. Ukianza grafu na Januari, msimu wake unakatwa vipande viwili. Januari hadi Aprili inabanana upande wa kushoto, Novemba na Desemba upande wa kulia, na katikati kuna uwanja mtupu. Msomaji mgeni ataapa kwamba Dodoma ina misimu miwili. Anza na Julai, na msimu unakuwa mmoja kama ulivyo shambani: ukame, kisha mvua zinaanza, zinashamiri, zinakoma. Dar es Salaam haidhuriki na Januari kwa kiasi hicho, ingawa hata kwake napenda kuanza na Oktoba, mvua za vuli zinapoanza.

Vipi ukitaka kuilinganisha miji hiyo miwili kwenye karatasi moja? Hapa wengi hukimbilia mistari miwili, wa bluu na wa kijani, na wanaona wameokoa nafasi. Kuna jambo la kushangaza ndani ya takwimu hizo ambalo grafu nzuri inapaswa kulionyesha: Januari na Februari, Dodoma kavu hupata mvua nyingi kuliko Dar es Salaam ya pwani. Dodoma mwezi wa Januari hupita milimita 100, wakati Dar es Salaam iko kwenye 76. Mistari miwili italionyesha hilo, lakini pia itakatana mahali fulani kati ya Februari na Machi, na jicho litaganda hapo hapo kwenye makutano. Msomaji atauliza ni siku gani miji hiyo miwili inalingana kwa mvua, na hakuna siku kama hiyo ndani ya takwimu hizi. Nafuu ni kuchora grafu mbili za pau, moja juu ya nyingine, zenye miezi iliyopangwa sawasawa na kipimo kile kile cha wima. Sharti la kipimo kimoja halina mjadala. Kompyuta ikiachiwa itaipandisha Dodoma hadi juu ya kisanduku chake kama ilivyoipandisha Dar es Salaam, na Januari ya moja itaonekana ndefu sawa na Aprili ya nyingine.

Basi mstari una kazi gani kwenye mvua? Kazi yake kubwa ni mvua jumuishi ya msimu. Badala ya kuchora kila mwezi peke yake, unaongeza kila mwezi juu ya ile iliyotangulia. Kwa Dar es Salaam tukianza na Oktoba: Oktoba inaisha na milimita 69, Novemba 195, Desemba 313, Januari 389, Februari 444, Machi 582, Aprili 836, na Mei 1,034. Hapo tarakimu imebadilika tabia. Haianzi tena kutoka sifuri kila mwezi. Tarehe 15 Aprili, saa yoyote, kuna kiasi kilichokwisha kunyesha tangu Oktoba, na kiasi hicho kiko mahali fulani kati ya 582 na 836. Kidole ukikiweka katikati ya mstari huu kinagusa kitu halisi, walau kwa makadirio. Mstari umepata haki yake.

Na usomaji wake ni mzuri ajabu. Mstari ukipanda kwa kasi, mvua inanyesha sana, ukilala, kumekauka. Aprili inaonekana kama ngazi, Februari kama sakafu yenye mwinuko mdogo. Ukiuweka mstari wa msimu huu juu ya mstari wa wastani, unajibu swali ambalo mkulima huuliza kwa kweli, nalo si mwezi gani una mvua nyingi bali tumechelewa au hatujachelewa. Tuseme mwisho wa Novemba mstari wa mwaka huu uko kwenye 120 ilhali wastani ni 195. Pengo la milimita 75 linasomeka hapo hapo, na Desemba ikipita unaona kama pengo linazibwa au linapanuka. Kuna faida nyingine ya bure: mstari huu hauwezi kushuka kamwe, maana mvua iliyokwisha kunyesha hairudi angani ndani ya kitabu cha mpimaji. Ukiona umeshuka, mtu amekosea kujumlisha au ameandika tarakimu mahali pasipo pake.

Lakini mstari huo nao una hila yake. Msimu unaweza kukauka Novemba yote, mahindi yakafa yakiwa na majani manne, kisha Desemba ikamwaga kila kitu na mstari ukafika pale pale wastani ulipo. Mwisho wa msimu grafu itasema mwaka ulikuwa wa kawaida. Shamba litasema jingine. Kwa hiyo asomaye mvua jumuishi asitazame mwisho wa mstari tu. Atafute sehemu zilizolala, azihesabu ni wiki ngapi, na aulize zao lilikuwa katika hatua gani.

Kuna pahali pengine ambapo wataalamu wamechora mvua ya mwezi kwa mstari kwa makusudi, na ni haki wasikilizwe. Mjerumani Heinrich Walter, mtaalamu wa ikolojia ya mimea, pamoja na Helmut Lieth, walitoa atlasi ya tabianchi ya dunia miaka ya 1960 ambayo kila kituo kina mistari miwili, wa joto na wa mvua. Siri yao imo kwenye vipimo: nyuzi 10 za joto zimewekwa sawa na milimita 20 za mvua. Kwa kanuni hiyo, mstari wa mvua unapokuwa chini ya mstari wa joto, mwezi huo huhesabiwa kuwa mkavu kwa mimea. Unapokuwa juu, kuna unyevu. Agosti ya Dar es Salaam ina nyuzi kama 24, ambazo ni sawa na milimita 48, na mvua yake ni milimita 24 tu. Ukavu uko wazi. Februari yenye nyuzi kama 28 inadai milimita 56, nayo ina 55, yaani mistari karibu inagusana. Kinachosomwa hapo ni nafasi iliyopo kati ya mistari miwili, ambayo kwenye chapa hujazwa vitone kwa kipindi cha ukavu na michirizi kwa kipindi cha unyevu. Wao walihitaji nafasi hiyo, na pau zisingewapa. Lakini anayenakili mistari yao bila kunakili kipimo cha 10 kwa 20 amebeba ganda na kuacha kiini.

Mahitaji ya kawaida zaidi ni kuonyesha mwaka mmoja dhidi ya wastani. Baadhi huchora pau mbili kwa kila mwezi, na karatasi inajaa pau 24 zinazosukumana. Mimi huchora pau za mwaka wenyewe kwa rangi iliyokolea, kisha juu ya kila mwezi kijistari kifupi cha kulala kinachoonyesha wastani. Upau uliokivuka kijistari chake ni mwezi uliozidi, usiokifikia umepungua. Vijistari hivyo visiunganishwe, kwa sababu ile ile tuliyoanza nayo. Na ukitaja wastani, andika ni wa miaka ipi. Kipindi kinachotumika sasa kimataifa ni cha 1991 hadi 2020, na ukilinganisha mwaka wako na wastani wa zamani zaidi, tofauti nyingine itakuwa imetokana na kubadilika kwa kipindi. Miaka ikizidi mitatu, pau zilizopangwa ubavu kwa ubavu hazisomeki tena. Hapo nakubali mistari myembamba ya kijivu kwa miaka ya nyuma na mmoja mnene kwa mwaka unaozungumziwa, nukta zikiachwa zionekane ili msomaji ajue vipimo ni vingapi na viko wapi. Ni suluhu ya kubanwa na nafasi, na anayeichora ajue hivyo.

Limebaki jambo ambalo pau zenyewe hulifanya vibaya, nalo ni mwezi usiopimwa. Kipimamvua kimevunjika, au mpimaji aliugua na hakuna aliyeshika nafasi yake, na kitabu kina mwezi mzima mtupu. Kwenye grafu ya mstari kompyuta yaweza kuruka pengo kwa kuunganisha mwezi uliotangulia na unaofuata, na hakuna atakayejua kitu kilikosekana. Excel ina mpangilio uitwao `Hidden and Empty Cells` ambao huamua kama pengo litaachwa, litaunganishwa au litahesabiwa sifuri. Kwenye grafu ya pau hatari ni nyingine. Mwezi usiopimwa hauna upau, na mwezi wenye sifuri hauna upau pia. Kwa Dodoma ya Julai, utupu ni habari ya kweli: kipimamvua kilikaguliwa kila asubuhi na kilikuwa kikavu. Kwa Machi ambayo mpimaji hakuwepo, utupu ni ukosefu wa habari. Karatasi inaonyesha vyote viwili kwa namna moja.

Hapa kompyuta haiwezi kukusaidia, kwa kuwa nayo haijui. Andika tarakimu 0 juu ya mlalo wa chini pale ambapo sifuri ilipimwa. Pale ambapo hakuna kipimo, chora kisanduku chepesi cha mistari ya kukatikakatika, au weka X, na chini uandike kwamba mwezi huo haukupimwa. Kwenye mstari wa mvua jumuishi, simamisha mstari hapo hapo. Ukiuendeleza kwa kulala, kila mwezi unaofuata utakuwa chini kuliko ukweli hadi mwisho wa msimu. Na jumla ya mwaka huo usiiandike kabisa, hata kama tarakimu 11 zilizobaki zinajumlishika.